Sahare: mtaro wa mita 2.4 kwenye mchanga, maji yameanza kuonekana. Mbao za kukingia kuta zianze kina gani?

Kijana wa Sahare

Wakuu, salaam kutoka Tanga. Nasimamia vibarua wanaolaza bomba la majitaka la milimita 200 huku Sahare, mtaa wa pili kutoka baharini. Bomba ni la mteremko, halina presha, na ardhi yenyewe ni karibu tambarare, kwa hiyo kina kinaongezeka kadiri tunavyosonga. Tulianza na mita 1.3, na kwenye chemba ya mwisho, mita 180 mbele, tunatakiwa tufike 2.4. Sasa hivi tuko 1.7.

Udongo ni mchanga mtupu, mweupe juu, chini unaelekea kahawia. Ukuta umesimama wima kabisa, hata alama za sepetu bado zinaonekana. Ila kuanzia mita 1.6 pamelowa. Kuna asubuhi tunakuta maji ya vifundo vya miguu, na siku nyingine hatukuti kitu. Bosi anasema mchanga umejishika wenyewe, na kwenye orodha ya bei hakuna mstari wa mbao. Mtaa una upana wa mita 6, na uzio wa tofali wa mtu uko mita mbili na nusu kutoka mtaroni.

Swali langu ni moja: ni kina gani ambacho mbao ni lazima?

Mpimaji77

Mita 1.2. Usipofika hapo huna haja, ukipita hapo weka. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni na ndivyo ilivyo dunia nzima. Uzi ufungwe.

Mswahili wa Muheza

Mnamtisha kijana bure. Mimi kwangu nimechimbiwa shimo la choo la futi 20, watu wawili na kamba, bila hata ubao mmoja, na mpaka leo tunalitumia. Udongo mwekundu ule unashika balaa. Kama ukuta wake umesimama, achimbe amalize, masika yasimkute.

Fundi Mkongwe TA

Mwanangu wa Sahare, hebu tuanze na mchanga wako, kina tutakifikia.

Mchanga kusimama wima si dalili ya nguvu. Ni unyevu kidogo uliobaki kati ya chembe ndio unaozibana. Watoto wa ufukweni wanalijua hilo vizuri: nyumba ya mchanga haijengeki kwa mchanga mkavu wala kwa uliolowa chepechepe, ni ule wa katikati tu. Ukuta wako leo uko katikati. Jua likiupiga, uso unakauka na chembe zinaanza kudondoka. Hiyo angalau unaiona. Maji yakipanda kutoka chini ndiyo mabaya, kwa sababu yanakula mguu wa ukuta huku juu pamebaki pazima, na kipande chote kinashuka kwa mkupuo.

Chukua bonge kutoka ukutani, liweke juu ya bati juani mpaka likauke, kisha liguse. Likitawanyika, huna udongo unaojishika. Mfinyanzi wa kweli ukiukanda na maji unasokota kamba nyembamba ya milimita 3, unaishika ncha moja, sentimita 5 zinaning'inia bila kukatika. Wako hautafika huko.

Ndugu wa Muheza, sikubishii shimo lako. Lakini shimo la mviringo linajibana lenyewe, udongo unasukumana kuzunguka duara. Mtaro ni kuta mbili ndefu zilizonyooka, hakuna kinachozishika katikati. Na udongo wako ulikuwa mwekundu wenye mfinyanzi, mbali na maji. Vitu vitatu tofauti, umevitia kapu moja.

Mswahili wa Muheza

Haya mzee, hilo la duara sikulijua. Lakini wachimba visima nao hufukiwa, tena visima vya mviringo.

Fundi Mkongwe TA

Hufukiwa, naam. Duara linasaidia, halizuii kifo.

Sasa Mpimaji. Hiyo 1.2 ni namba ya zamani ya Waingereza, na wao wenyewe siku hizi hawana namba. Wanataka kila mtaro uangaliwe, wa kina chochote, na ukuta unaoweza kuanguka ukingwe. Wamarekani wanasema kuanzia mita 1.5 lazima kinga iwepo, isipokuwa kama umechimba ndani ya mwamba mzima. Hata wao hawasemi kwamba kabla ya kufika 1.5 uko salama. Wanasema mtu mwenye ujuzi aangalie, na akiona dalili ya kuanguka aweke kinga. Namba inakuambia pa kutobishana tena, haikuambii pa kulegea.

Halafu kumbuka anayelaza bomba hasimami. Anapiga magoti, anainama kusafisha kiungo. Kwenye mtaro wa mita 1.2 kichwa chake kiko chini ya ukingo.

Kwa mchanga wako wenye maji mguuni, jibu langu ni kwamba hapo 1.7 ulipo umeshachelewa. Watoe watu leo.

Kijana wa Sahare

Nimewatoa, mzee. Sasa bosi amekuja na wazo jingine: tusiweke mbao, tulaze kuta pembeni, tutanue mtaro juu. Anasema eskaveta ipo, mafuta yapo.

Injinia wa Pembeni

Kulaza kuta ni njia halali, tena nzuri, penye nafasi. Tuhesabu tuone kama wewe unayo.

Kwa mchanga, na kwa udongo wowote unaovuja maji, kipimo kinachotumika sana ni mita moja na nusu kwenda pembeni kwa kila mita moja ya kina. Chini unataka sentimita 80 ili fundi azunguke bomba. Kwenye kina cha 2.4 kila upande unakwenda mita 3.6. Ukijumlisha, 3.6 na 3.6 na 0.8, mtaro wako juu una upana wa mita 8. Mtaa una 6. Umeshaubomoa uzio wa jirani, na bado hujapata pa kuweka udongo uliochimbwa.

Na udongo wenyewe: mtaro wa kuta wima wenye upana wa mita moja unatoa mita za ujazo 2.4 kwa kila mita ya urefu. Uliolazwa unatoa zaidi ya 10. Mwambie bosi apige mafuta ya kuchimba mara nne zaidi na kurudisha na kushindilia mara nne zaidi, halafu aulizie bei ya mbao. Sehemu ya mwanzo, ya mita 1.3, hapo unaweza kulaza. Huku mwisho, hapana.

Mpimaji77

Nakubali hesabu. Basi aweke mbao mojamoja, mita moja mita moja, na mirunda ya mikaratusi katikati. Tumefanya hivyo Korogwe na kuta hazikugusika.

Fundi Mkongwe TA

Korogwe mlichimba udongo gani? Kwenye mfinyanzi mgumu mbao za kuachana zinatosha, kwa sababu udongo wenyewe unavuka nafasi kati ya ubao na ubao. Mchanga hauvuki. Utapita katikati ya mbao, na ukishaanza kupita unaacha pango nyuma ya ubao, mrunda unalegea, kila kitu kinaanguka pamoja. Huyu anahitaji mbao za kusimama zilizobanana bila nafasi, mihimili ya kulala inayozishika kwa mbele, na mirunda au jeki za chuma za kuvuka kutoka upande hadi upande.

Na mpangilio wa kazi ni muhimu kuliko unene wa mbao. Wengi huchimba mpaka chini, kisha humtuma kijana aingie kufunga mbao. Yule anayefunga ndiye anayefukiwa. Kwenye mchanga mbao hutangulia: unachimba kidogo, unazigonga zishuke mbele ya sepetu, unafunga mhimili na mrunda wa kwanza karibu na juu ukiwa nje ya mtaro, ndipo unaendelea. Anayeshuka ashuke kwenye sehemu ambayo tayari imefungwa.

Mama Usalama

Naongeza kidogo kwa sababu nimekaa saiti nyingi kama afisa usalama. Mita moja ya ujazo ya mchanga uliolowa inakaribia tani 2. Mtu akifunikwa hadi kifuani, kichwa kikiwa nje, bado anaweza kukosa pumzi, maana kila akitoa hewa mchanga unajaza ile nafasi.

Ngazi iwe ndani ya mtaro muda wote, isizidi mita 7 kutoka alipo mtu, na itokeze juu ya ukingo karibu mita moja. Mirunda si ngazi. Udongo uliochimbwa usogezwe, usiwe ndani ya sentimita 60 za ukingo, kwa mchanga mimi nataka mita nzima. Na huo mtaa ufungwe, sitaki kirikuu wala bajaji ipite kando ya shimo. Ukuta ukianguka, msirukie ndani kumvuta mwenzenu wala msimchimbue kwa kijiko cha eskaveta. Wa pili na wa tatu hufa hivyo.

Kuta zikaguliwe kila asubuhi kabla mtu hajashuka, na tena kila baada ya mvua. Na je, saiti yenu imesajiliwa OSHA? Sheria ya mwaka 2003 inataka sehemu ya kazi isajiliwe.

Kijana wa Sahare

Usajili ni wa kampuni kubwa iliyotupa kazi, nitauliza. Ngazi tunayo moja, iko mwanzo wa mtaro 🙈 naenda kununua nyingine.

Sasa maji. Tuna pampu ya inchi 3. Tunachimba kishimo mwisho wa mtaro, tunatupa mpira, inavuta. Inatosha?

Nahodha Mstaafu

Kabla ya pampu, mwanangu, umeangalia mwezi? Unasema kuna siku maji yapo na siku hayapo. Sahare mtaa wa pili kutoka baharini, hayo yanafuata bahari. Wakati wa bamvua hapa Tanga tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita 3 na zaidi. Wakati wa maji mafu haifiki hata nusu ya hapo. Kazi ya chini kabisa ipange kwenye maji mafu, kati ya mwezi mchanga na mwezi mpevu.

Fundi Mkongwe TA

Nahodha kasema la maana ambalo kwenye michoro halipo. Ila maji ya ardhini hayapandi sawasawa na bahari. Yanachelewa kwa saa kadhaa na hayapandi kiasi kile kile, na kila ukiingia bara yanapungua. Usikisie. Toboa bomba la inchi 2 matundu madogo upande wa chini, lizungushie kitambaa, lizamishe kina cha mita 3, pembeni ya mtaro, mahali ambapo hujachimba. Shusha uzi wenye kokoto, pima maji asubuhi na jioni, andika. Fanya hivyo mpaka bamvua ipite.

Kijana wa Sahare

Nimerudi, wakuu. Nimepima bomba hilo tangu maji mafu mpaka bamvua imepita. Yakishuka sana maji yako mita 1.6 kutoka juu. Bamvua, asubuhi, yamepanda hadi 1.3.

Injinia wa Pembeni

Safi, sasa tunaweza kuzungumza kwa namba. Mchanga unasukuma ukuta kwa karibu thuluthi ya uzito ulio juu yake. Maji hayana thuluthi, yanasukuma kwa uzito wao wote.

Kama mtaro ungekuwa mkavu, pale chini kwenye 2.4 mbao zako zingebeba karibu kilo 1,400 kwa kila mita ya mraba. Maji yakiwa 1.3, mchanga ulio ndani ya maji unapungua uzito, unasukuma kwa kilo 1,100 hivi, lakini mita 1.1 ya maji inaongeza 1,100 nyingine. Jumla 2,200. Kina ni kile kile, mchanga ni ule ule, mzigo umezidi kwa zaidi ya nusu. Ndiyo maana swali la "kina gani" peke yake halijibiki.

Na hapo sijaweka lori wala lundo la udongo ukingoni. Mrunda wa chini ndio unaobeba sehemu kubwa, usiwe mwembamba na usiwe umeinama.

Fundi Mkongwe TA

Hizo ni kuta. Sakafu ndiyo inayonipa hofu zaidi.

Ukivuta maji ndani ya mtaro wakati nje yako juu, yanatafuta njia ya kupita chini ya mbao na kuibukia ndani. Yakipanda kwa nguvu yanabeba mchanga. Utaona vijichemchemi sakafuni, kila kimoja na kiduara cha mchanga pembeni yake, na mguu unaanza kuzama mahali palipokuwa pagumu jana. Hapo sakafu inachemka. Mbao zinapoteza pa kushika miguu, na bomba ukililaza hapo halitakaa kwenye mteremko wake.

Jaza ndoo maji yanayotoka kwenye pampu, yaache yatulie. Mwanzoni mchanga kidogo si ajabu. Kama kila ndoo inabaki na mchanga chini, huvuti maji, unavuta ardhi ya chini ya uzio wa jirani.

Ukiona sakafu inachemka, watu watoke, kisha zima pampu, uache maji yajae mpaka yalingane na ya nje. Kijana mgeni ataongeza pampu ya pili, na ndipo anapoangusha mtaro.

Dawa yake ni kushusha maji kabla hujachimba. Unazamisha mabomba membamba yenye chujio nje ya mtaro, kila mita moja hivi, yameungwa kwenye bomba moja na pampu ya kunyonya, mpaka maji yawe nusu mita chini ya sakafu utakayochimba. Kwa 2.4 unataka 2.9, hilo pampu ya kunyonya inaliweza bila shida. Ila ikishawashwa haizimwi usiku, na ya akiba iwe pembeni. Na mbao zishuke chini ya sakafu, zisiishie sawa nayo.

Injinia wa Pembeni

Mzee, kwa nini asikodi sanduku la chuma tu? Lipo Dar, linaburutwa na eskaveta, watu wanafanya kazi ndani. Haraka kuliko kugonga mbao.

Fundi Mkongwe TA

Sanduku linalinda watu, halishiki ardhi. Kati yake na ukuta kuna nafasi, na mchanga wenye maji utaijaza kwa kushuka kutoka upande wa uzio. Kijana atapona, uzio utapasuka.

Injinia wa Pembeni

Nafasi hiyo inajazwa udongo mara moja, na maji yakiwa yameshushwa mchanga hautembei. Mimi bado naliona bora kuliko mbao zinazofungwa na vibarua wasiozijua. Uzio unajengwa upya.

Mama Usalama

Hapo naegemea kwa injinia, samahani mzee.

Kijana wa Sahare

Bosi amekubali mbao na mabomba ya kunyonya, kwa masharti kwamba niandike barua ya kudai gharama kwa mkandarasi mkuu. Sawa. Lakini kuna jipya. Mita 30 za mwisho mbao zinagoma kwenye 2.1. Tumekuta matumbawe, magumu, na yana matundu.

Fundi Mkongwe TA

Hapo maji yatakuja kwa matundu, na mabomba ya kunyonya hayaingii kwenye jiwe. Kama jiwe ni zima upana wote, mbao zikae juu yake, weka mhimili na mrunda hapo hapo chini zisiteleze, kisha jiwe livunjwe katikati tu. Mashine ya kuvunjia inatikisa mchanga wa juu, kwa hiyo ikipiga, asiwepo mtu mtaroni. Sakafu ya jiwe zima haichemki, pampu ya kishimoni inatosha. Ila kama ni vipande vinavyoelea kwenye mchanga, sina jibu la mtandaoni. Toboeni muone.

Injinia wa Pembeni

Kuna njia ya mezani. Unashuka mita 1.1 ndani ya 180, yaani karibu 1 kwa 164. Bomba la milimita 200 mara nyingi hukubaliwa 1 kwa 200. Hapo ungeshuka 0.9, na chemba ya mwisho ingekuwa 2.2. Unaokoa sentimita 20, na badala ya kula sentimita 30 za matumbawe unakula 10. Lakini anayeidhinisha ni mhandisi mshauri, na lazima aangalie chemba hiyo inaunganishwa na nini. Usibadilishe mwenyewe.

Kijana wa Sahare

Nimemwandikia. Swali la mwisho: mbao nazitoa lini? Bosi anazitaka kwa kazi nyingine.

Fundi Mkongwe TA

Kutoka chini kwenda juu, pamoja na kufukia. Unafukia na kushindilia tabaka moja, unatoa mrunda wa chini, unavuta mbao zipande kimo cha tabaka hilo, unashindilia tena palipobaki uwazi. Ukimaliza kufukia kote ndipo ukazivuta kwa eskaveta, kila ubao unaacha nafasi pembeni ya bomba, mchanga unaingia humo na bomba linapoteza kiegemezi chake cha ubavuni. Mwenyewe, kwenye mchanga wa maji, mbao za chini ya mgongo wa bomba nazikata na kuziacha humo humo.

Mpimaji77

Kuziacha zioze chini ya barabara? Zikioza si patabonyea?

Fundi Mkongwe TA

Zilizo ndani ya maji muda wote huoza polepole sana. Za hapo maji yanapopanda na kushuka ndizo huoza upesi, hizo avute.

Mpimaji77

Na kwa vipimo vyake, kati ya 1.3 na 1.6 ndipo yanapopanda na kushuka. Bomba kule mwisho liko chini zaidi ya hapo. Haya, hilo nakuachia, ila bosi wake atazililia hizo mbao.